Uzoefu wangu: ovadrafti au mkopo mfupi mshahara ukichelewa, kipi kinakula hela zaidi

Nimetumia vyote viwili, ovadrafti kwenye akaunti ya mshahara, yaani benki inakuruhusu kutoa zaidi ya salio lako hadi limiti fulani, na mkopo mfupi wa binafsi, na sababu ni ile ile tu: mshahara unakuja lakini tarehe haieleweki. Kama mshahara wako unachelewa siku chache au wiki mbili hivi, ovadrafti imekuwa nafuu sana kwangu kuliko mkopo, hata pale riba yake iliyoandikwa kwenye mkataba ilikuwa mara mbili ya ile ya mkopo. Hapo ndipo watu wengi wanapotea, wanalinganisha asilimia na asilimia wanachagua ndogo, kumbe kwa muda mfupi namna hii asilimia ya mwaka haikwambii utalipa kiasi gani.

Nitatumia namba zilizo karibu na mikataba yangu ila nimeziweka ziwe nyepesi, weka sarafu yako mwenyewe. Tuseme unahitaji 60,000 kuziba pengo. Mshahara umechelewa siku 12. Kodi ya nyumba ni 40,000 na inatakiwa siku ile ile ya kwanza, halafu 20,000 iliyobaki ni ya bili na matumizi, unaihitaji kuanzia siku ya sita.

Upande wa ovadrafti, limiti ni 60,000, riba asilimia 36 kwa mwaka, na kuna ada ya kufungua limiti asilimia 1, yaani 600. Asilimia 36 inatisha ukiisoma, lakini benki inaihesabu kila siku na kwa kile tu ulichochukua, sio kwa limiti nzima. Kwa hiyo siku 5 za kwanza akaunti iko hasi 40,000, unachukua 40,000 mara 0.36 gawa kwa 365 unapata kama 39.5 kwa siku, siku 5 ni 197. Siku 7 zinazofuata akaunti iko hasi 60,000, riba ni kama 59.2 kwa siku, jumla 414. Riba yote ni 611, jumlisha ile 600 ya kufungua, umelipa 1,211. Mshahara ukiingia unaziba shimo wenyewe na riba inasimama siku hiyo hiyo, huna fomu ya kujaza wala mtu wa kumpigia simu.

Sasa mkopo. Afisa mikopo aliniambia bosi huu ni asilimia 18 tu kwa mwaka, na kweli ilikuwa asilimia 1.5 kwa mwezi kwa miezi 3. Alichokitaja kwa haraka haraka ni ada ya uchakataji asilimia 3 na bima ya mkopo asilimia 1, na zote zinakatwa kabla hela haijaingia kwako. Ukiomba 60,000 mkononi unapata 57,600, kodi unalipa ila bili moja inabaki nje. Ili upate 60,000 kamili inabidi ukope 62,500, na hapo hapo 2,500 imeshaondoka kabla hata siku moja haijapita. Hiyo 2,500 hairudi, ulipe kesho au ulipe baada ya miezi 3 ni ile ile.

Juu yake kuna riba. Mkataba wangu ulikuwa wa riba ya flati, yaani inahesabiwa kwenye 62,500 yote kila mwezi hata kama umeshapunguza deni, na ukilipa mapema wanakutoza angalau mwezi mmoja mzima. Mwezi mmoja ni kama 938. Kwa hiyo umefunga mkopo siku ya 12 na umelipa 3,438, karibu mara tatu ya ovadrafti, kwa hela ile ile na siku zile zile. Na kuna mikataba mibaya zaidi ambayo riba ya miezi yote 3 inabaki palepale hata ukilipa mapema, hapo ni 2,813 ya riba na 2,500 ya ada, jumla kama 5,313. Kabla ya kusaini uliza swali hili moja kwa maneno haya: nikilipa yote ndani ya wiki mbili nitatoa shilingi ngapi jumla? Uliza kiasi cha hela, sio asilimia, na omba wakuandikie. Afisa anayejua kazi yake anaifungua kwenye mfumo anakupa namba hapo hapo, akianza kuzunguka na maneno ya asilimia tena ujue kuna kitu kwenye kipengele cha kulipa mapema.

Kwa hiyo ovadrafti ndio mshindi? Kwa siku 12, ndio, lakini inategemea ni ovadrafti ya aina gani, na hapa nataka watu wawe makini kweli. Kuna ovadrafti ya riba kama hiyo niliyoeleza, na kuna ile ya ada ya siku, ambayo haina riba ila kila siku unayolala ukiwa hasi unakatwa kiasi fulani, tuseme 150. Kwa mfano wetu siku 12 ni 1,800, bado ni nafuu kuliko mkopo. Shida ni kwa mtu aliyeingia hasi kidogo tu. Ukiwa hasi 3,000 kwa siku 12, ovadrafti ya riba ingekukata kama 36 tu (ukiacha ada ya kufungua), ila hii ya ada ya siku inakukata 1,800 ile ile, zaidi ya nusu ya ulichokopa. Kama yako ni ya aina hii usiiguse kwa vitu vidogo vidogo, ni bora uombe jamaa akuazime hiyo 3,000.

Kingine ambacho hakiandikwi kwa herufi kubwa, riba ya ovadrafti inahesabiwa kila siku lakini inakatwa mara moja, kwa kawaida mwisho wa mwezi. Sasa ukiwa umetumia limiti yote 60,000 na mshahara bado, siku ya makato ile 611 inaingia na salio linakuwa hasi 60,611. Umevuka limiti bila kununua chochote. Kuvuka limiti kuna riba ya adhabu au faini yake, na standing oda, yaani malipo uliyoagiza benki ikulipie kila mwezi, ikija siku hiyo inarudishwa, benki inakata ada ya kurudisha na yule uliyekuwa unamlipa naye anaweza kukutoza ya kuchelewa. Mimi siku hizi naacha nafasi kidogo chini ya limiti, elfu moja mbili hivi, siigusi kabisa. Na kwenye stetimenti naangalia safu mbili za tarehe, ile ya muamala na ile ya thamani, maana riba inafuata ya pili. Mshahara ulioingia Ijumaa jioni baada ya benki kufunga hesabu unaweza kuonekana kwenye apu Ijumaa lakini tarehe ya thamani ni Jumatatu, na hizo siku 3 za katikati unaendelea kulipa riba huku ukiona salio liko sawa. Sio hela nyingi kwa mfano wetu, kama 178, ila ikikatwa hujui imetoka wapi unaanza kugombana na huduma kwa wateja bure.

Na mkopo unakuwa na maana lini? Nilikaa na kalkuleta nikapiga. Kama utakaa hasi 60,000 bila kupunguza hata senti, ovadrafti yetu inafikia ile 5,313 ya mkopo wa miezi 3 kwenye siku ya 80 hivi. Yaani karibu miezi mitatu. Na ukipunguza ovadrafti elfu 20 kila mwezi kama vile unalipa rejesho, riba kwa miezi yote 3 ni kama 3,551, na ile 600 inakuwa 4,151, bado iko chini ya mkopo. Kwa hiyo kwa karatasi mkopo haushindi kirahisi.

Lakini karatasi haijui mwezi unaofuata unakuwaje. Mshahara ukiingia, tuseme 200,000, ovadrafti inameza 60,000 na riba kwa mpigo mmoja na unabaki na 139,000 na kitu. Kama matumizi yako ya mwezi ni 180,000, unarudi hasi kabla mwezi haujaisha, safari hii bila mshahara kuchelewa. Unaweza kukaa hivyo mwaka mzima, kila mwezi inazibwa inafunguliwa, na benki nyingi zinatoza tena ada ya kuhuisha limiti kila baada ya muda fulani. Ukikaa hasi wastani wa 40,000 mwaka mzima ni 14,400 ya riba peke yake. Namna ya kujua uko huku ni rahisi, angalia salio la siku moja kabla ya mshahara kwa miezi mitatu minne mfululizo, kama linazidi kuwa hasi kila mwezi basi tatizo lako sio kuchelewa kwa mshahara tena, na hapo ndipo mkopo wenye rejesho la kila mwezi na tarehe ya mwisho unakufaa zaidi hata ukiwa na ada zake, mradi limiti ya ovadrafti uifunge siku hiyo hiyo. Ukiziacha zote mbili wazi utaishia kuwa na madeni mawili, nimeona kwa wenzangu kazini.

Jambo la mwisho ambalo kwangu ni zito kuliko riba yenyewe. Limiti ya ovadrafti ya mfanyakazi imefungwa na mshahara unaopita kwenye ile akaunti, na mikataba mingi inaipa benki haki ya kuidai au kuishusha wakati wowote. Mshahara ukichelewa wiki mbili hakuna anayeshtuka, ila ukiruka mwezi mzima mfumo unaona hakuna kilichoingia, na limiti inaweza kushushwa au kusimamishwa pale pale ambapo unaihitaji zaidi. Mkopo ukishaingia mkononi hawakunyang'anyi, wanakudai rejesho tu kwa tarehe yake. Sasa mimi nafanya hivi: kazini wakisema ni siku chache, natumia ovadrafti, nachukua kile kinachodaiwa siku ile tu na sio limiti yote kwa mkupuo. Wakianza kusema mwezi ujao, naenda kuongea na benki mapema kabla tarehe ya pili ya mshahara haijapita, salari slipu zikiwa bado za karibuni, maana zikishapitwa na miezi miwili hata huo mkopo wa gharama hupewi.