Posho za fildi: barua ya madai au CMA?

Tuchukue mfano wa mkusanya takwimu wa mradi Tanzania aliyelala fildi usiku 40 kwa posho ya kujikimu ya shilingi 120,000. Jumla ni 4,800,000. Alipewa masurufu ya 1,800,000, kwa hiyo anadai 3,000,000, na mradi unakaribia kufungwa.

Barua kwa mwajiri ni njia ya haraka, hasa kama bajeti bado iko wazi. Iwe na hesabu hiyo usiku kwa usiku, pamoja na nakala za kibali cha safari, daftari la gari na saini za ofisi za vijiji. Mhasibu hukwama kwenye usiku usio na saini, si kwenye jumla. Abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Ubaya wake ni "subiri kidogo". Madai ya aina hii hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ahadi za mdomo hazisimamishi siku hizo. Akichelewa, lazima kwanza aombe kuongezewa muda kwa sababu za msingi.

CMA ni polepole zaidi: fomu CMA F1 anapewa mwajiri kwanza, kisha inasajiliwa, halafu usuluhishi. Lakini mwajiri hawezi kuipuuza kama barua. Mimi ningeandika barua yenye siku 14 za kujibu, na F1 ningeijaza siku hiyohiyo.