Karatasi ya mahudhurio: umri kamili au kundi la umri?

Kuweka tiki kwenye kundi la umri ni haraka mlangoni, na bibi asiyejua mwaka aliozaliwa hakwami. Kujumlisha nako ni kuhesabu tiki tu. Ila kundi halivunjiki baadaye: ukiandika 15–35, umri wa kijana katika sera ya Tanzania, kisha mfadhili akataka 15–24 ya Umoja wa Mataifa, huna pa kuwachambua. Umri kamili hupangika upya, ingawa 30, 40 na 50 zikijazana ujue watu wamekadiria. Kwa vyovyote, uliza jinsi na kijiji anachoishi mtu. Usibahatishe kwa jina, maana Amani huweza kuwa wa kike au wa kiume. Mkutano mkubwa, mfadhili mmoja: tiki zinatosha. Wafadhili wawili: andika umri.