Chandarua kipi ununue: tazama uzi kabla ya rangi

Vyandarua vingi ninavyopewa nivishone vimekwisha kwa kuchanika, si kwa kuisha dawa. Mwenye chandarua ataniuliza kama dawa bado ipo, nami namwonyesha tundu ubavuni linalopitisha mkono mzima. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na uzi. Ukielewa uzi, utajua kipi kitafika mwaka wa tatu na kipi kitageuka matambara kabla ya hapo.

Tuelewane maneno kwanza. Vile vitundu vidogo vilivyofumwa kiwandani nitaviita macho, kama wavuvi wanavyosema macho ya wavu. Neno matundu naliachia kutoboka.

Chandarua cha poliesta cha kawaida kina macho 156 katika inchi moja ya mraba. Si lazima uamini lebo. Weka rula juu ya kitambaa, hesabu macho kwa sentimita 2.5 kwenda kulia, kisha sentimita 2.5 kwenda chini, uzidishe. Ukipata 12 kwa 13, upo palepale. Macho ya namna hiyo humzuia mbu na bado huruhusu upepo. Usubi ni mdogo zaidi na hupenya, hivyo anayesumbuliwa na usubi atafute macho madogo kuliko hayo, akijua kwamba ndani kutakuwa na joto zaidi.

Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani uzito wa mita 9,000 za uzi kwa gramu. Vyandarua vya poliesta vya kudumu huwa vya denia 75 au 100. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua 100. Vile vinavyopendeza, laini kama shela ya bibi harusi, mara nyingi uzi wake ni mwembamba kuliko huo, na ncha moja ya chaga iliyochongoka inatosha kuvianzishia safari ya kuchanika.

Nyuzi utakazokutana nazo zaidi ni poliesta na polietilini. Uzi wa poliesta ni mkusanyo wa nyuzinyuzi nyembamba zilizokaa pamoja, ndiyo maana ni laini mkononi lakini hunasa kwenye mbao na misumari. Polietilini ni uzi mmoja mzima, mgumu kidogo kama wa kuvulia samaki. Haunasi kirahisi, ila haupendi moto hata kidogo: mshumaa ukikaribia tu, unayeyuka. Kama lebo imepotea, kata kipande cha uzi, kilowanishe vizuri kwa maji ya sabuni ili mapovu ya hewa yatoke, kisha kizamishe kwa kidole ndani ya glasi ya maji. Polietilini itaelea, poliesta itazama. Pamba nayo huzama, lakini hiyo utaitambua kwa kuitazama na kuishika.

Sasa upangaji wangu.

Cha kwanza ni chandarua cha poliesta cha denia 100 kilichotiwa dawa mbili, moja ya jamii ya pairethroidi na nyingine ikiwa klofenapiri. Sababu ni usugu. Pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu ya mbu, na sehemu nyingi mbu wamezoea kuhimili. Klofenapiri hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: inamnyima mbu nguvu ndani ya chembe za mwili wake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza aina hii mahali ambapo mbu wana usugu wa pairethroidi. Kuna jambo moja huwachanganya wanunuzi. Klofenapiri huua polepole, hata kwa siku mbili tatu. Usipoona mbu waliokufa kitandani asubuhi, usidhani umeuziwa chandarua kibovu. Amekwenda kufia kwingine.

Cha pili ni chenye pairethroidi pamoja na PBO. PBO yenyewe si sumu ya kumuua mbu. Inazuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu hutumia kuivunja pairethroidi, kwa hiyo dawa ya zamani inapata makali tena. Nakiweka cha pili kwa sababu PBO hupungua mapema kuliko dawa yenyewe, na ikishapungua unabaki na chandarua cha kawaida.

Cha tatu ndicho hicho cha kawaida, chenye pairethroidi peke yake: deltamethrini, alfa-saipamethrini au pemethrini. Mahali ambapo mbu hawana usugu mkubwa, kinatosha kabisa. Kiwango cha chandarua chenye dawa ya muda mrefu ni kubaki na makali baada ya kufuliwa mara 20 katika vipimo vya maabara, na miaka 3 ya matumizi ya nyumbani. Kwenye poliesta dawa hupakwa juu ya uzi na kushikizwa na gundi maalumu. Kwenye polietilini huchanganywa ndani ya uzi wenyewe na kutoka kidogo kidogo. Vyandarua vingine vya polietilini vimefumwa kwa macho mapana kwa makusudi ili upepo upite, vikitegemea dawa imzuie mbu. Dawa ikiisha katika hivyo, macho yenyewe hayatakulinda, na huo ndio udhaifu ninaouona kwenye uzi ambao kwa mengine yote ni mgumu sana kuharibika.

Cha nne ni kisicho na dawa, chenye macho mazuri. Kinafanya kazi kikiwa kizima na kikichomekwa vema, na kikiwa kipana kiasi kwamba huwezi kukigusa ukiwa usingizini, maana mbu atakuuma kupitia macho ya chandarua. Tatizo lake ni tundu. Kwenye chandarua chenye dawa, mbu anayetafuta tundu anatembea juu ya sumu, na wengi hawafiki. Kwenye kisicho na dawa ana usiku mzima wa kutafuta, bila kudhurika.

Nafasi ya mwisho naipa pamba. Hufyonza unyevu, huoza ikihifadhiwa mbichi, na ni nzito.

Ukishanunua chenye dawa, kitandaze kivulini kwa saa 24 kabla ya kukilalia, la sivyo uso unaweza kuwasha usiku wa kwanza. Ule mfuko wake usiwekee chakula.

Sasa matundu. Ipo njia ya kuhesabu uharibifu inayotumiwa na wakaguzi wa vyandarua, nami naipenda kwa sababu haihitaji kifaa. Tundu lisilopitisha kidole gumba lina alama 1. Linalopitisha kidole gumba lakini si ngumi, 23. Linalopitisha ngumi lakini si kichwa, 196. Linalopitisha kichwa, 576. Alama hizo zinafuata ukubwa wa eneo, ndiyo maana zinaruka hivyo. Jumla isiyozidi 64, chandarua ni kizuri. Kuanzia 65 hadi 642 kimeharibika lakini bado kinafaa. Kuanzia 643, tafuta kingine.

Juzi nililetewa kimoja cha poliesta. Kilikuwa na vitundu sita vya chini ya kidole gumba, viwili vya kati, na kimoja cha kupitisha ngumi. Hesabu: 6, jumlisha 46, jumlisha 196, jumla 248. Mwenyewe alikuwa amekata tamaa kwa sababu ya wingi wa vile vidogo, na alitaka nianze navyo. Nilianza na lile moja kubwa. Lilipozibwa jumla ikashuka hadi 52, na chandarua kikarudi kwenye kundi la vizuri kwa kiraka kimoja tu. Vilivyobaki tulivishona baadaye tukipiga soga.

Hesabu hiyo haisemi tundu liko wapi, na mimi huliangalia hilo pia. Joto na harufu ya aliyelala hupanda juu, na mbu wa malaria hutua zaidi kwenye paa la chandarua. Matundu yenyewe huwa mengi chini, panaposuguana na kitanda. Kwa hiyo tundu dogo la paani nalishona siku hiyo hiyo.

Kiraka hukatwa kutoka chandarua kikuukuu, cha dawa kama kipo, kikizidi tundu kwa sentimita 2 au 3 kila upande. Kilaze kikiwa kimetulia, chandarua kisivutwe. Tumia uzi wa poliesta; uzi wa pamba utaoza kabla ya kitambaa. Sindano iwe butu kidogo ili ipite machoni bila kupasua nyuzi. Shona kwa kuzunguka, ukishika nyuzi mbili tatu ndani ya sehemu nzima, kamwe si ukingo wa tundu peke yake, kwa kuwa ukingo umeshachoka na utakatika. Kisha shona mzunguko wa pili kwenye ukingo wa kiraka. Mpasuko mrefu mwembamba hauhitaji kiraka: anza kushona sentimita 1 kabla ya ulipoanzia, umalizie sentimita 1 baada ya ulipoishia, ndipo hautaendelea. Kitundu cha kidole kikusanye na ukifunge kwa uzi. Tundu la ngumi usilikusanye hivyo. Kitambaa kitajikunja, kitavutika pembeni, na baada ya wiki chache utakuwa na matundu mawili.

Shona kabla ya kufua, kwa sababu kufua hupanua kila kilichochanika. Fua kwa maji baridi na sabuni ya kawaida isiyo kali, bila dawa ya kung'arishia, bila kusugua kwenye jiwe, na si zaidi ya mara moja kila miezi mitatu. Anika kivulini, maana jua huivunja pairethroidi. Maji yake usiyamwage mtoni wala bwawani. Dawa hizi huua samaki.

Mchana kizungushe na kukifunga juu ya kitanda. Kikiachwa kikining'inia, watoto watakivuta na panya watakitafuna, hasa palipoliwa chakula kitandani. Ukikiweka akiba kwa miezi, hakikisha kimekauka mpaka kwenye mishono na pindo, kikunje bila kukikandamiza, kitie kwenye mfuko wa kitambaa, kisha ndani ya sanduku la bati au ndoo yenye mfuniko, mbali na dirisha na jiko. Siku ya kukitoa kiinue mbele ya mwanga kabla hujakitundika. Penye jicho lililopanuka bila kukatika, sukuma nyuzi kwa ncha ya sindano zirudi mahali pake. Penye uzi uliokatika, shona pale pale.