Bei ya duka la mtandaoni: namba ya desimali au senti kamili?

Mwenye kuunda duka la mtandaoni anaweza kuhifadhi bei ya shilingi 19.99 kama namba ya desimali, au kama senti 1999. Njia ya kwanza husomeka kwa urahisi, lakini kompyuta huweka namba hizo kwa mfumo wa jozi, ambamo 19.99 haiwezi kuandikwa kwa usahihi kamili. Katika JavaScript:

```
19.99 * 100              // 1998.9999999999998
Math.floor(19.99 * 100)  // 1998
```

Senti moja imepotea bila onyo lolote, na mhasibu ataiona pale tu hesabu za siku zitakapokataa kulingana.

Senti kamili hujumlishwa bila kosa, nami ningeichagua njia hii, ingawa haikuondolei uamuzi wa kukadiria. VAT ya Kenya ya 16% juu ya senti 1999 ni 319.84; ukikadiria kila mstari wa risiti yenye bidhaa nne za bei hiyo, utapata senti 1280, ilhali ukikadiria jumla mara moja utapata 1279. Chagua kanuni moja uitumie kote.

Hata hivyo, hakuna njia kati ya hizi inayozuia idadi hasi. Mteja akituma idadi ya -1 ya bidhaa ghali pamoja na bidhaa nyingine, jumla hushuka, kwa hiyo seva yenyewe, si fomu pekee, ikatae idadi yoyote isiyo namba kamili kuanzia 1.