Runinga iliyokuwa ikijiwasha usiku: uzoefu wangu na kisanduku cha Android

Nimekitumia kisanduku hiki kwa miezi 7 nyumbani kwangu Majengo, Moshi, na kwa upande wa picha na kasi sina lalamiko. Kilichonikera ni kwamba kila umeme ulipokatika usiku na kurudi, runinga iliwaka yenyewe sebuleni na kuonyesha ukurasa wa mwanzo wa kisanduku, hata mama mkwe wangu akaamka saa 9 usiku akidhani mtu ameingia ndani. Jioni nako, tukiwa katikati ya taarifa ya habari kwenye king'amuzi, picha ilihamia kwenye kisanduku mara tu mtoto alipogusa alama ya kurusha video kwenye simu yake chumbani.

Fundi alisema bodi ya runinga imeharibika. Kabla ya kumlipa, nilichomoa nyaya zote za HDMI, nikarudisha wa king'amuzi peke yake, kisha nikazima umeme ukutani na kuuwasha: runinga ilitulia. Nilirudisha saundibaa, ikatulia vilevile. Niliporudisha kisanduku na kurudia jaribio, haikupita dakika moja kioo kikawaka.

Sababu ni mfumo uitwao CEC, ambao hupitisha amri kwenye pini ya 13 ya HDMI ili vifaa viongozane. Kisanduku kinapoamka, hutangaza kwamba sasa chenyewe ndicho kinachotoa picha, na runinga hutii kwa kuwaka na kuhamia kwenye tundu lake. Kwenye menyu za runinga hutaliona jina hilo kila mara: Samsung huuita Anynet+, LG huuita SIMPLINK, na Sony BRAVIA Sync.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuzima kwenye runinga. Usumbufu uliisha, lakini saundibaa yangu, ambayo hupokea sauti ya runinga kupitia tundu la HDMI liitwalo ARC, ilinyamaza na sauti ikarudi kwenye spika dhaifu za runinga, kwa sababu kwenye runinga yangu ARC hutegemea CEC. Niliuwasha tena, nikaingia kwenye mipangilio ya kisanduku chenyewe, sehemu ya HDMI CEC, na kuzima kipengele kimoja tu, One key play, ambacho ndicho huiwasha runinga kisanduku kinapoamka. Kile cha One key power off nilikiacha, kwa kuwa napenda kisanduku kilale ninapozima runinga.

Tangu hapo umeme umekatika usiku mara mbili, na asubuhi nimekuta taa nyekundu ya runinga ikiwaka na kioo kikiwa kimezimwa. Gharama yake ni ndogo: nikitaka kuangalia filamu, huwasha runinga na kuchagua tundu kwa rimoti mwenyewe.

Nakipa nyota 4. Moja nimeiondoa kwa sababu kisanduku hutoka kiwandani kipengele hicho kikiwa kimewashwa, na kijitabu chake hakikitaji popote.