Klamidia na kisonono: sahani ya agari au seli hai?

Swabu mbili za mlango wa kizazi, mgonjwa mmoja. Ya kisonono unaipaka kwenye agari ya chokoleti, yaani jeli ya kuoteshea bakteria yenye damu iliyopashwa moto, unaiweka kwenye joto la digrii 35 hadi 37 na kaboni dayoksaidi kidogo, siku moja au mbili unaona vikoloni vya kijivu vinang'aa. Yule mdudu anakula na kujigawa mwenyewe.

Klamidia sasa, hata umpe agari nzuri namna gani hapati kitu, maana nje ya seli yupo kama kichembe kigumu kisichogawanyika, mpaka aingie ndani ya seli ndo anabadilika na kuanza kuzaana, akichukua ATP, yaani nishati ya seli, na malighafi nyingi za seli mwenyeji, kwa sababu jeni za kujitengenezea vingi vya hivyo hana. Kwa hiyo unamwotesha kwenye seli hai, mfano zile za maabara ziitwazo McCoy, unazungusha kwenye sentrifuji ashike, baada ya saa 48 hadi 72 unapaka ayodini na kifuko chake kinaonekana cha kahawia ndani ya seli.

Na swabu lazima ikwangue seli zenyewe, usaha peke yake hautoshi kabisa.