TAHADHARI: Tangi la "lita 5,000" linaloingia lita 4,000 (Nakuru)

Wakazi wa Nakuru, hasa nyinyi wa Kiamunyi na njia ya Njoro mnaonunua matangi ya mabati kwa ajili ya maji ya mvua, someni hii kabla hamjalipa.

Kuna muuzaji kando ya barabara anayeunda matangi ya mviringo na kuyaandika "LITA 5,000" kwa rangi nyeupe. Jirani yangu, mama wa makamo, alinunua moja kwa shilingi 40,000. Lori la maji lilipomletea lita 5,000, tangi lilifurika na maji mengi bado yamo kwenye lori. Dereva akaapa kwamba mita yake iko sawa. Mimi ni fundi wa mabomba, kwa hiyo mama akaniita nipime.

Nilizungusha utepe katikati ya tangi nikapata sentimita 502. Ukigawanya kwa 3.14 unapata kipenyo cha sentimita 160, yaani mita 1.6. Mabati yake ni laini na membamba, kwa hiyo kipenyo cha ndani ni karibu kile kile. (Kama mabati yana mawimbi, toa kina cha wimbi pande zote mbili.) Kimo, kutoka sakafu ya tangi hadi ukingo wa juu, ni mita 2.

Tulirudi kwa muuzaji na vipimo hivyo, naye hakuvikataa. Alichukua kalamu akasema, "Mama, moja nukta sita mara moja nukta sita mara mbili, si ni tano na kitu?" Ndiyo, ni 5.12. Lakini huo ni ujazo wa sanduku la mraba. Tangi la mviringo halina pembe zile nne, na mama alilipia maji ya kwenye pembe ambazo hazipo.

Hesabu ya mviringo huanza na nusu ya kipenyo, hapa mita 0.8:

V = 3.14 × 0.8 × 0.8 × 2 = 4.019

Hizo ni mita za ujazo, na kila mita ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo tangi lina lita 4,019. Ukipenda sentimita, tumia sentimita kote: 3.14 × 80 × 80 × 200 ni sentimita za ujazo 4,019,200, kisha ugawe kwa 1,000 kupata lita. Usigawe kwa 100 eti kwa sababu mita ina sentimita 100, na usichanganye kipenyo cha sentimita na kimo cha mita. Hapo ndipo wengi hupotezwa, na muuzaji akitaja tarakimu haraka huwezi kumshika.

Basi mama alidhani ananunua kwa shilingi 8 kila lita, kumbe ni karibu shilingi 10.

Na muuzaji hajamaliza. Alimtoza pia rangi ya ndani ya kuzuia kutu, shilingi 250 kwa mita ya mraba, kwa mita 18. Amepiga sanduku tena: kuta nne na sakafu mbili za mraba. Ukuta wa mviringo ukiukunjua ni bati moja la mstatili, upana wake ni mzingo na urefu wake ni kimo: 3.14 × 1.6 × 2, mita za mraba 10.05. Sakafu ni 3.14 × 0.8 × 0.8, yaani 2.01, na kifuniko hivyo hivyo. Jumla ni mita za mraba 14.07. Zaidi ya shilingi 900 zimeenda kwa rangi isiyopakwa popote.

Kuna jambo lingine ambalo si wizi lakini lazima mlijue. Sakafu ya tangi hili ni mita za mraba 2.01, kwa hiyo kila sentimita moja ya kimo ni lita 20, mtungi mmoja kamili. Bomba la kumwagia maji ya ziada liko sentimita 10 chini ya ukingo, na mfereji uko sentimita 5 juu ya sakafu. Mitungi 15 hiyo, lita 300, hutaipata mferejini. Mama ana lita 3,700 za kutumia.

Kipimo hicho kinafaa hata kwa asiyependa hesabu. Tangi likiwa limesimama sawasawa, lenye kipenyo cha mita 1.6, mwaga mitungi kumi ya lita 20. Maji yakipanda sentimita 10, basi ili liingie lita 5,000 lingehitaji kimo cha karibu mita 2.5.

Kabla ya kulipa, taka risiti iandikwe kipenyo cha ndani, kimo hadi bomba la kumwagia, na lita. Akikataa kuandika, ondoka. Aliyekwisha kuuziwa ahifadhi risiti, apige picha ya maandishi yaliyo ubavuni mwa tangi, kisha apeleke malalamiko kwa afisi ya vipimo na mizani ya kaunti. Mama yetu tayari amepeleka yake, na wengine mlionunua hapo mnaweza kuandika hapa chini ili tuende pamoja.